Saa Sita Kamili Usiku

Saa mbili na nusu asubuhi mhasibu mkuu alinipigia simu, na salamu ilikuwa fupi kuliko kawaida yake. "Kaka, wakala wetu wa Mbagala jana kauza katoni mia tatu na sitini. Duka lile nalijua. Siku ikimnyookea sana anauza themanini. Hebu niangalizie."

Nikafungua orodha. Mauzo ya duka lile yalikuwapo, katoni 72. Yalikuwapo tena mstari uliofuata, na tena, na tena, na tena. Mara tano, tarakimu zile zile, hadi senti. Nilipoendelea kushuka nikaona si Mbagala peke yake. Mawakala wengi nchi nzima walikuwa "wameuza" mara tano.

Wakati huohuo dada wa dawati la huduma alikuwa na malalamiko ya upande wa pili. Mawakala walikuwa wanapiga simu kwa zamu wakisema mashine zao za kaunta zimeamka na maandishi mekundu: mauzo ya jana hayakutumwa, jaribu tena. Kwa hiyo ofisini tuna mauzo mara tano, na dukani mashine inaapa kwamba haijatuma hata mara moja. Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Kampuni sitaitaja, nami nilishaondoka pale. Tarakimu nitakazotumia nimezinyoosha kidogo ili hesabu ifuatike, lakini umbo la tatizo ndilo lile lile, na kila fundi wa mitambo aliyewahi kukesha na seva atalitambua.

Tulikuwa na mawakala 3,000. Kila mmoja alikuwa na kompyuta ndogo kaunteni inayotumia Debian, na ndani yake kulikuwa na mstari mmoja wa ratiba. Ratiba za namna hiyo huandikwa kwa `cron`, programu ya tangu miaka ya 1970 ambayo kazi yake ni kutazama saa kila dakika na kuanzisha kazi ambayo zamu yake imefika. Mstari wetu ulikuwa huu:

```
0 0 * * * /usr/local/bin/tuma-mauzo
```

Sifuri ya kwanza ni dakika, ya pili ni saa, na nyota zinamaanisha kila siku, kila mwezi. Kwa lugha ya nyumbani: ikigonga saa sita kamili usiku, tuma mauzo ya siku iliyoisha makao makuu.

Makao makuu kulikuwa na seva moja ya kupokea. Ndani yake programu ilikuwa na vibarua wanane, yaani nafasi nane za kushughulikia maombi kwa wakati mmoja, na kila ombi lilimchukua kibarua nusu sekunde: kusoma, kukagua, kuandika kwenye databesi. Vibarua wanane, nusu sekunde kila mmoja, ni maombi 16 kwa sekunde. Si haba. Mawakala 3,000 kwa kasi hiyo wanamalizika kwa dakika tatu na kidogo, na usiku una saa kumi na mbili. Ukiitazama hivyo kwenye karatasi, seva ile ilikuwa kubwa kupita mahitaji.

Tatizo ni kwamba mashine ya kaunta haikuwa na subira ya dakika tatu. Ilisubiri jibu kwa sekunde 30. Lisipokuja, ilikata na kutuma upya papo hapo, na ilifanya hivyo hadi majaribio matano kabla ya kukata tamaa na kuandika yale maandishi mekundu.

Sasa fuatana nami. Saa sita kamili, maombi 3,000 yanaingia kwa mkupuo. Vibarua wanaanza kazi, 16 kila sekunde. Zinapofika sekunde 30 wamehudumia mawakala 480. Hao wamepata jibu, wamelala. Waliobaki ni 2,520, na wote sekunde hiyo hiyo wanakata simu na kupiga upya. Lakini maombi yao ya kwanza hayakuondoka kwenye foleni. Seva haijui kwamba mwenye nayo kashaondoka. Inaendelea kuyashughulikia kwa utaratibu, moja baada ya jingine, inaandika mauzo kwenye databesi, kisha inajibu mlango ambao hauna mtu. Na nyuma ya maombi hayo maiti yanapanga foleni maombi mapya 2,520.

Sekunde ya 60, wote 2,520 wanakata tena na kutuma tena, na seva bado inahangaika na maombi ya raundi ya kwanza. Sekunde ya 90, vivyo hivyo. Sekunde ya 120, jaribio la tano na la mwisho. Sekunde ya 150, mashine zote 2,520 zimeandika "imeshindikana" na kunyamaza. Hadi hapo seva imeshughulikia maombi 2,400, yote ya raundi ya kwanza, na waliofaidika ni wale wale 480 wa nusu dakika ya mwanzo. Foleni iliyobaki itaimaliza kwa uaminifu wote: jumla ya maombi 13,080, dakika 13 na nusu za kazi bila kupumua, kila wakala kati ya wale 2,520 akiandikwa mara tano. Ndiyo katoni 360 za Mbagala.

Mama wa maandazi getini mwa shule angelielewa jambo hili haraka kuliko bodi yetu ya wakurugenzi ilivyolielewa. Kengele ya mapumziko ikilia, watoto wote wanamjia kwa pamoja. Kila mtoto anayeona anachelewa anapaza sauti upya, "Mama, mawili!", naye akihesabu kila sauti kuwa oda mpya atakaanga hadi unga umwishie, na wenye njaa watakuwa wamesharudi darasani. Watoto wale wale wakija mmoja mmoja tangu asubuhi, jiko lile lile linawatosha.

Swali lililotusumbua lilikuwa jingine. Mstari ule wa ratiba ulikuwa na umri wa miaka kadhaa, na mawakala hawakufika 3,000 usiku ule. Kwa nini siku zote hizo kulikuwa shwari?

Jibu lilipatikana jioni, na lilikuwa la kuchekesha kwa mtu asiyehusika. Wiki hiyo sisi wenyewe tulikuwa tumerekebisha saa. Mkaguzi wa hesabu alikuwa amelalamika, kwa haki kabisa, kwamba risiti za mawakala zina saa zisizoaminika: mashine moja iko mbele dakika saba, nyingine iko nyuma kumi na moja, nyingine betri yake ndogo ya ndani imekufa na inajisemea tu. Tukaziunganisha zote na seva za muda za mtandaoni. Kufikia usiku ule mashine 3,000 zilikuwa zinakubaliana saa kwa tofauti isiyofika hata sekunde moja.

Kumbe ule uholela wa saa ndio uliokuwa unatulinda. Kila mashine ilikuwa na saa sita usiku yake, na saa sita hizo zilitawanyika kwenye dakika ishirini au zaidi, kama vijiji viwili vinavyofuata majogoo tofauti. Hakuna aliyepanga hivyo. Tulipoondoa kasoro tukaondoa na kinga.

Na si sisi peke yetu tunaopenda saa kamili. Binadamu akiulizwa kazi ianze lini husema saa sita, hasemi saa sita na dakika kumi na tisa. Ratiba za mitambo zimeandikwa na binadamu, na nyingi zimenakiliwa kutoka mfano mmoja hadi mwingine na sifuri zake zile zile. Kampuni ya GitHub, inayoendesha kazi za ratiba za watengenezaji programu duniani kote, inaonya wazi kwenye maelekezo yake kwamba mwanzo wa kila saa ndio wakati wa msongamano, na kwamba anayetaka kazi yake isicheleweshwe aipeleke kwenye dakika nyingine. Sisi wa Afrika Mashariki tuna nyongeza yetu: seva nyingi za kukodi huhesabu saa kwa UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa sita usiku ya seva ni saa tisa usiku ya kwetu. Ukiona mtandao unazubaa saa tisa kamili alfajiri na hakuna mtu wa kawaida aliye macho, anzia hapo kuchunguza.

Dawa yake inajulikana kwa mafundi kama jita: kabla ya kuanza kazi, kila mashine inajichagulia muda wa kusubiri kwa bahati nasibu. Inapogonga saa sita, moja inasinzia sekunde 40, nyingine dakika 51, nyingine dakika tisa. Saa zinabaki sahihi kwa ajili ya risiti, ila mwanzo wa kazi unatawanywa kwa makusudi.

Kijana mmoja kwenye timu yetu aliuliza kwa nini tusipange kwa utaratibu: wakala wa kwanza sekunde hii, wa pili sekunde ile, hadi mwisho. Ni swali zuri, na kwa mashine kumi ningefanya hivyo. Kwa 3,000 unahitaji daftari linalosema nani ana sekunde ipi, mtu wa kulitunza, na njia ya kulipeleka hadi Kibondo na Tunduru kila wakala anapoongezwa, kufungwa au kubadilishiwa mashine. Bahati nasibu haihitaji daftari. Kila mashine inajiamulia bila kumuuliza mtu, na mtawanyo unatosha.

Unatosha kiasi gani, hilo linapigiwa hesabu. Tukitawanya mawakala 3,000 kwenye saa nzima, wastani ni chini ya ombi moja kwa sekunde. Bahati nasibu haitawanyi sawasawa kama mtu anayepanda mahindi kwa kamba. Kuna sekunde zitakazokuwa tupu na sekunde zitakazopata mengi. Lakini kwa hesabu za uwezekano, sekunde mbaya kuliko zote ndani ya saa hiyo itapata maombi matano au sita hivi. Uwezo wetu ni 16. Tungetawanya kwenye dakika kumi tu, wastani ungekuwa matano na kilele kama 13, bado tunapita lakini kwa kujibana. Kwenye dakika tano wastani ni kumi, na zipo sekunde ambazo zingefika 19 au 20, foleni fupi ingeanza kuota. Kwa hiyo dirisha la mtawanyo halichaguliwi kwa kubahatisha. Unaanza na uwezo wa seva, unaangalia kilele si wastani, unaacha nafasi ya mawakala watakaoongezeka mwakani na ya siku ambayo databesi imechoka. Tukachukua saa moja.

Kisha tukakosea mara mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa la alama moja. Nilibadilisha mstari uwe hivi, nikaupeleka kwenye mashine chache za majaribio:

```
0 0 * * * sleep $((RANDOM % 3600)); /usr/local/bin/tuma-mauzo
```

`RANDOM` inatoa namba ya bahati nasibu, kuigawa kwa 3600 na kuchukua baki kunatupa sekunde kati ya 0 na 3599, na `sleep` inasinzia kwa muda huo. Ni amri sahihi kabisa ukiiandika mwenyewe kwenye skrini. Ndani ya `cron` alama ya `%` ina maana nyingine: mstari unakatwa hapo. Usiku huo mashine za majaribio hazikutuma kitu. Dawa yake ni kuweka mkwaju mbele ya alama, `\%`, na kosa hili angalau lina adabu, maana linajitangaza: kazi haifanyiki na unaliona asubuhi.

La pili halikujitangaza. Mkwaju ukawekwa, mauzo yakatumwa, tukasambaza kwa mawakala wote tukaenda kulala. Asubuhi katoni za Mbagala zilikuwa mara tano tena.

Nilikaa na logi ya seva nusu siku. Logi yetu ilikuwa inaandika sekunde ombi lilipowasili, na kuhesabu maombi kwa kila sekunde ni amri moja tu ya `sort` na `uniq -c`. Nilitegemea kuona namba ndogondogo zilizosambaa kuanzia 00:00 hadi 00:59. Nilichokiona ni nguzo: karibu 3,000 kwenye 00:00:00 na 00:00:01, kisha kimya, kisha nguzo nyingine 00:00:30. Hakuna aliyesinzia hata kidogo.

Sababu ni hii. `RANDOM` ni mali ya `bash`, programu ya kusoma amri ambayo wengi wetu tunaitumia kila siku. `cron` haitumii hiyo. Inatumia `/bin/sh`, na kwenye Debian `/bin/sh` ni programu nyingine nyepesi iitwayo `dash`. `dash` haijui `RANDOM` ni kitu gani. Badala ya kulalamika inaihesabu kuwa sifuri. Sifuri ukiigawa kwa 3600 baki ni sifuri, na mashine inasinzia sekunde sifuri, kwa utiifu kamili, nchi nzima. Mstari mmoja juu ya ratiba ukamaliza kazi:

```
SHELL=/bin/bash
0 0 * * * sleep $((RANDOM \% 3600)); /usr/local/bin/tuma-mauzo
```

Tangu siku hiyo siamini mtawanyo wowote ambao sijauona kwenye logi. Kujaribu mashine moja hakukuonyeshi kitu, maana mashine moja ikianza saa sita na sekunde sifuri huwezi kusema ni bahati au ni hitilafu. Lazima uzitazame nyingi kwa pamoja, uone kama zimekuwa nguzo au zimekuwa vumbi.

Pingamizi lililokuwa na uzito zaidi lilitoka kwa mhasibu. Aliposikia kwamba mauzo yatakuwa yanaingia hadi saa saba kasoro usiku, alikuja mezani kwangu. "Sasa kaka, siku yangu inafungwa saa ngapi? Mmoja anafunga saa sita, mwingine saa sita na nusu, mtanichanganyia tarehe." Alikuwa amegusa mahali penyewe. Kuna vitu viwili vilivyokuwa vimefungwa pamoja bila sababu: wakati wa kukata hesabu na wakati wa kuipeleka. Kukata hesabu ni lazima kubaki saa sita kamili kwa kila duka, kwa kuwa hiyo ndiyo maana ya siku ya biashara. Na kazi hiyo mashine inaifanya yenyewe kaunteni, haimsumbui mtu. Kinachotawanywa ni kupeleka tu.

Tukaandika upya skripti ikate hesabu kwanza, iandike tarehe ndani ya faili, halafu ndiyo isinzie. Mpangilio huo una umuhimu kuliko unavyoonekana. Kampuni nyingine ninayoifahamu ilikuwa ikianza saa tano na nusu usiku kwa mtawanyo wa saa moja, na skripti yao ilisoma tarehe baada ya kuamka. Nusu ya mashine zao ziliamka kabla ya saa sita na nusu baada ya hapo, kwa hiyo kila usiku nusu ya matawi yaliripoti siku isiyo yake, na kila usiku yalikuwa matawi tofauti. Walihangaika muda mrefu kwa kuwa kila tawi walilolikagua siku ya pili lilikuwa limepona.

Hapo pia tuliongeza namba ya pekee kwenye kila ripoti, ili hata ikija mara tano databesi iandike mara moja. Na tulibadilisha yale majaribio ya kurudia: badala ya papo hapo, mashine inasubiri kama dakika moja, kisha mbili, kisha nne, na kila kusubiri nako kunachanganywa na bahati nasibu. Bila hivyo, mashine mia zilizokwama sekunde moja zitarudi pamoja baada ya dakika moja, na tena pamoja baada ya mbili, kama kundi la wadai waliopeana miadi.

Jambo hili la mashine kushikana bila kupangwa lina historia yake, na linastahili aya moja. Mwaka 1992 watafiti Sally Floyd na Van Jacobson, wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California, walikuwa wakituma vifurushi vidogo vya majaribio kwenda chuo cha MIT, upande wa pili wa Marekani, takriban kimoja kila sekunde. Waliona vifurushi vinapotea kwa makundi, na makundi yale yanarudi kila baada ya sekunde 90. Ruta za njiani zilikuwa zinapeana taarifa za njia kila sekunde 90, na zote zilikuwa zinafanya hivyo kwa wakati mmoja, zikawa na shughuli nyingi kiasi cha kuangusha vifurushi vya watu. Kilichoshangaza ni walichoonyesha katika makala yao ya 1993: hata ukiziwasha ruta hizo kwa nyakati tofauti, mwishowe zitajikuta zinakwenda pamoja, kwa sababu ruta iliyo katikati ya kupokea taarifa za mwenzake huchelewa kuweka upya saa yake hadi imalize, na hivyo zinavutana. Pendekezo lao lilikuwa kubwa kuliko watu walivyotegemea: kipindi cha kusubiri kichaguliwe kwa nasibu kati ya nusu yake na mara moja na nusu. Bahati nasibu ndogo haikutosha kuzibandua.

Leo mambo mengi ya namna hii yamo tayari ndani ya mifumo. Debian huja na ratiba ya kuangalia masasisho mara mbili kwa siku, na ratiba hiyo imewekewa mtawanyo wa saa kumi na mbili, kwa maneno mengine saa yoyote ya siku, ili seva zinazogawa masasisho zisipigwe kikumbo. Jenkins, mtambo wa kuendesha kazi za watengenezaji programu, unakuruhusu uandike herufi `H` mahali pa dakika, nao unajichagulia dakika kutokana na jina la kazi yenyewe; jina halibadiliki, kwa hiyo dakika nayo haibadiliki.

Hilo la mwisho lilinivutia, kwa sababu mtawanyo wetu wa `RANDOM` ulikuwa na kero yake. Kila usiku kila mashine ilichagua upya. Wakala aliyetuma jana saa sita na dakika mbili leo anaweza kutuma dakika ya 58, na kijana wa zamu ya usiku asijue kama duka fulani limechelewa au limekufa hadi saa nzima ipite. Tulitaka bahati nasibu kati ya mashine na mashine, lakini si kati ya usiku na usiku. Kwenye `systemd`, ambayo Debian inayo, hilo linaandikwa hivi:

```
[Timer]
OnCalendar=*-*-* 00:00:00
RandomizedDelaySec=1h
FixedRandomDelay=true
Persistent=true
AccuracySec=1us
```

Mstari wa pili ni saa sita usiku, wa tatu ni dirisha la saa moja. Wa nne unasema kila mashine ishike sekunde yake daima. Tulilazimika kusubiri Debian 11 ili tuupate, matoleo ya nyuma hayakuwa nao. Wa tano ni kwa ajili ya umeme: mashine iliyokuwa imezimika saa sita itafanya kazi iliyoikosa ikiwashwa. Umeme unaporudi mkoa mzima kwa pamoja, mashine mia zinaamka dakika moja zikiwa na deni, na huo ni msongamano mwingine kamili; bahati nzuri kazi hizo za deni nazo hupitia mtawanyo ule ule kabla ya kuanza.

Tukahamia huko. Logi ikawa vumbi. Wakala wa Mbagala akapata sekunde yake, 00:17:42, na kila usiku ni 00:17:42. Kijana wa zamu akaizoea kama treni. Mhasibu alikuwa na mauzo yote kabla ya saa saba na dakika chache usiku, ambapo yeye hata hivyo alikuwa amelala.

Miezi ikapita hadi tukafungua maduka mapya 40 Kanda ya Ziwa. Asubuhi ya kwanza nikapita kwenye logi kwa mazoea tu, nikakuta vumbi la kawaida, na katikati yake, saa 00:31:08, nguzo ya 40. Arobaini si tatizo kwa seva inayomudu 16 kwa sekunde, sekunde tatu zinatosha, wala hakuna wakala aliyeona chochote. Lakini nguzo haitakiwi kuwapo.

Nikampigia fundi aliyeziandaa. "Umezipakia vipi mzigo zile mashine?"

"Niliandaa moja vizuri, kaka, halafu nikanakili diski yake kwa zingine zote. Ningeanza moja moja nisingemaliza mwezi."

`FixedRandomDelay` haichezi kamari. Inapiga hesabu kutokana na jina la kazi na namba ya utambulisho wa mashine, iliyo kwenye faili `/etc/machine-id`, ambayo hutengenezwa mara moja tu mfumo unapowekwa. Mtu akinakili diski, ananakili na namba hiyo. Mashine 40, utambulisho mmoja, sekunde moja. Na kama tungenakili hivyo mashine zote 3,000, tungekuwa tumerudi usiku ule wa kwanza, isipokuwa saa 00:31:08 badala ya saa sita kamili.

Nilimwelekeza aifute ile namba kwenye kila mashine, kila moja ijitengenezee mpya, na kwenye diski ya mfano aliache faili likiwa tupu ili mashine inayozaliwa kutoka hapo ijiandikishe yenyewe inapowashwa mara ya kwanza. Alimaliza jioni. Usiku huo sikulala mapema. Nilikaa na logi wazi, na wa kwanza kati ya wale 40 akaingia saa 00:02:15, duka la Sengerema. Wa mwisho alikuwa Magu, 00:58:33.